Anwani pepe hadi anwani halisi: jibu lako limekosea wapi?

Katika mtihani wa usanifu wa kompyuta, swali la jedwali la kurasa lina tabia moja nzuri: jibu lililokosewa huonyesha lenyewe mahali lilipoharibika. Msahihishaji akiona 0x1227A anajua ulichofanya kabla hajasoma mstari wako wa kwanza wa hesabu. Hapa tutachukua swali moja, tulifanye sawasawa, kisha tupitie majibu ya makosa yanayorudi kila mwaka. Tafuta linalofanana na lako.

```
Anwani pepe: biti 16.  Ukurasa: KB 1.  Kumbukumbu kuu: KB 32.

ukurasa   V   ruhusa   fremu
   ...
   9      1     RW      05
  10      1     RW      1C
  11      1     R       12
  12      0     RW      07
   ...

(a) soma   0x2E7A
(b) soma   0x3005
(c) andika 0x2E7A
```

Kwa kila sehemu, tafuta anwani halisi inayolingana na anwani pepe uliyopewa, au useme kwa nini haipatikani. Jedwali linaanzia ukurasa 0, na kila mstari unataja fremu, yaani kipande cha kumbukumbu kuu kinachobeba ukurasa huo. Namba za kurasa ni za desimali, namba za fremu ni za heksadesimali. V ni biti ya uhalali, R ni ruhusa ya kusoma tu, na RW ni kusoma na kuandika.

## Kwanza, jibu sahihi la (a)

Kila kitu kinaanzia kwenye ukubwa wa ukurasa. KB 1 ni baiti 1024, yaani 2 kwa kipeo cha 10, kwa hiyo biti 10 za chini ndizo ofseti: zinataja baiti ipi ndani ya ukurasa. Biti 6 zinazobaki juu ni namba ya ukurasa. Kwa upande wa kumbukumbu halisi, KB 32 ni 2 kwa kipeo cha 15. Ukitoa biti 10 za ofseti unabaki na biti 5 za namba ya fremu, maana yake fremu ziko 32, kuanzia 0 hadi 31.

Sasa andika 0x2E7A kwa bainari na ukate baada ya biti ya sita kutoka kushoto:

```
0010 1110 0111 1010
001011 | 1001111010
ukurasa 11 | ofseti 634 (0x27A)
```

Mstari wa ukurasa 11 una V = 1 na fremu 12 ya heksadesimali, ambayo ni 18. Ondoa biti sita za ukurasa, weka biti tano za fremu mahali pake, na ofseti usiiguse:

```
10010 | 1001111010
100 1010 0111 1010  =  0x4A7A
18 x 1024 + 634     =  19066
```

0x4A7A na 19066 ni namba ileile. Fanya njia zote mbili kama muda upo, kwa sababu zikitofautiana umepata onyo la bure.

Ofseti haibadiliki kwa sababu ukurasa na fremu vina ukubwa sawa na ukurasa unahamishwa mzima. Ni kama basi likiharibika njiani na abiria wote wakahamishiwa basi jingine la aina ileile: aliyekuwa kiti namba 14 anakaa kiti namba 14, na kilichobadilika ni basi tu.

## Dalili: jibu ni kubwa kuliko kumbukumbu yenyewe

Anwani ya mwisho katika kumbukumbu ya KB 32 ni 32767, yaani 0x7FFF. Jibu lolote linalozidi hapo si anwani ya mashine hii, hata kama hesabu zako zinaonekana safi. Ukaguzi huu unachukua sekunde chache, na ungeokoa alama nyingi kuliko ukaguzi mwingine wowote kwenye swali hili.

Sababu inayoongoza ni kuunganisha tarakimu za heksadesimali badala ya kuunganisha biti. Mwanafunzi ana fremu 12 na ofseti 27A, anaviweka bega kwa bega, anaandika 0x1227A. Hiyo ni 74362, zaidi ya mara mbili ya kumbukumbu yote.

Kosa hili lina chanzo kinachoeleweka. Vitabu vingi na mazoezi mengi hutumia ukurasa wa KB 4, ambao ndio ukubwa wa kawaida kwenye prosesa za Intel tangu 80386 ya mwaka 1985. KB 4 ni biti 12, na biti 12 ni tarakimu tatu kamili za heksadesimali. Hapo unaweza kukata na kuunganisha tarakimu bila kugusa bainari na ukapata jibu sahihi kila mara. Kwenye ukurasa wa KB 1, mpaka unapita katikati ya tarakimu. Angalia E ya 0x2E7A: ni 1110, ambapo biti mbili za kwanza ni za ukurasa na mbili za mwisho ni za ofseti. Mtungaji wa mtihani hachagui KB 1 kwa bahati mbaya. Na si mtego wa darasani tu, maana mashine halisi zimetofautiana sana. VAX za kampuni ya DEC zilitumia kurasa za baiti 512, na kompyuta za Apple zenye prosesa ya M1 hutumia KB 16. Ukubwa wote huo haugawanyiki sawasawa kwenye tarakimu za heksadesimali.

Dawa yake ni kuandika anwani kwa bainari kila mara idadi ya biti za ofseti isipogawanyika kwa 4. Ikigawanyika, tumia njia ya mkato bila wasiwasi.

Sababu ya pili ni kukata mahali pasipo pake kwa mazoea yaleyale: ukurasa 2, ofseti E7A. Hii unaweza kuigundua mapema, kabla hata ya kufungua jedwali. Ofseti lazima iwe ndogo kuliko ukubwa wa ukurasa. E7A ni 3706, na ukurasa una baiti 1024 tu. Rudi ukakate upya.

Sababu ya tatu hutokea mara chache, nayo haiko kwako. Ikiwa mstari unaouhitaji una fremu ya 20 ya heksadesimali au zaidi, yaani 32 kwenda juu, basi swali lina kasoro, kwa sababu fremu ya mwisho ni 1F. Simama hapo. Usibuni fremu nyingine na usibadilishe ukubwa wa kumbukumbu ili hesabu ikubali. Nyoosha mkono umuite msimamizi. Kama hawezi kumpata mtungaji, andika dhana yako kwa sentensi moja na uendelee kwa fremu iliyochapishwa. Fanya vivyo hivyo kama ukubwa wa ukurasa haukutajwa kabisa, maana bila huo hakuna kinachoweza kukokotolewa.

## Dalili: jibu ni dogo mno, au ni anwani uliyoanza nayo

Ukipata 652, umejumlisha 18 na 634. Umeichukua namba ya fremu kana kwamba ni anwani. Fremu ya 18 haianzii baiti ya 18, inaanzia baiti ya 18 × 1024. Anayefanya kazi kwa bainari hakutani na kosa hili, kwa sababu kuiweka namba ya fremu kushoto mwa biti kumi ndiko kuizidisha kwa 1024.

Ukipata 18634, ulizidisha, ila kwa 1000. Kaguzi moja inatosha kwa makosa haya mawili: gawanya anwani halisi kwa 1024, na baki lazima liwe ofseti yako. 18634 ikigawanywa kwa 1024 inabakiza 202, wakati ofseti ni 634.

Na ukipata 0x2E7A ileile uliyopewa, ulibandika namba ya ukurasa mahali pa namba ya fremu. Kwa maneno mengine, jedwali hukulifungua. Inawezekana kweli anwani mbili zikalingana, pale ukurasa fulani unapokaa kwenye fremu yenye namba ileile, lakini watungaji hukwepa hilo kwa sababu haliwapimi wanafunzi chochote.

## Dalili: mwisho wa jibu ni sahihi, mwanzo umekosea

Huyu amekata biti vizuri na ofseti yake iko salama. Tatizo liko kwenye kusoma jedwali, na majibu mawili hutokea tena na tena.

La kwanza ni 0x327A. Hapa 12 ilisomwa kama kumi na mbili ya desimali: 12 × 1024 + 634 ni 12922. Mstari wa maelezo ulisema namba ni za heksadesimali, ila uko chini ya jedwali na macho yaliupita. Hata kama maelezo hayo hayapo, kagua safu nzima ya fremu badala ya mstari wako peke yake. Kwenye safu hii kuna 1C. Herufi moja tu ikitokea popote, safu yote ni ya heksadesimali. Safu isiyo na herufi hata moja, na isiyo na maelezo, ni jambo la kumuuliza msimamizi.

La pili ni 0x727A, ambalo linatokana na fremu 1C. Hiyo ni ya ukurasa 10. Mwanafunzi alihesabu mistari kuanzia moja, akaishia kwenye mstari wa kumi na moja kutoka juu, ambao ni wa ukurasa 10 kwa kuwa jedwali linaanzia 0. Kosa hili linaongezeka sana pale mtungaji anapochapisha safu ya fremu peke yake bila namba za kurasa. Ukipewa jedwali la namna hiyo, chukua penseli uandike 0, 1, 2 pembeni kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna sababu ya tatu ambayo huonekana zaidi kwa walio na haraka: biti za ukurasa zilikatwa sawasawa ila zikageuzwa desimali vibaya. 001011 ni 8 + 2 + 1. Ihakikishe kwa kuzidisha: 11 × 1024 ni 11264, ukijumlisha 634 unapata 11898, na hiyo lazima iwe 0x2E7A.

## Dalili: hesabu yote ni sahihi na bado umepata sifuri

Nenda kwenye (b). Anwani 0x3005 inatoa ukurasa 12 na ofseti 5. Mstari wa ukurasa 12 una fremu 07, na wengi hukimbilia 7 × 1024 + 5, wanaandika 0x1C05 wakiwa na uhakika kamili. Hesabu haina dosari, lakini V ya mstari huo ni 0. Ukurasa huo haumo kwenye kumbukumbu kuu kwa sasa.

Jibu linalotakiwa ni kwamba hakuna anwani halisi: prosesa inasimamisha amri hiyo na kuukabidhi mfumo endeshi hitilafu ya ukurasa. Mfumo endeshi ukiona anwani ni halali kwa programu hiyo, unatafuta fremu, unaleta ukurasa kutoka kwenye diski, unasahihisha mstari wa jedwali, kisha amri ileile inaanzishwa upya. Fremu utakayopewa wakati huo si lazima iwe 07. Kwa V ya 0, prosesa haiangalii kabisa kilichoandikwa kwenye safu ya fremu. Huenda ni masalio ya zamani, na mifumo endeshi mingi hutumia nafasi hiyo kuandika mahali ukurasa ulipo kwenye diski. Mtungaji ameiacha 07 pale makusudi.

Sehemu ya (c) ni ndugu yake, ila wanaoianguka ni wengi zaidi kwa sababu anwani ni ileile ya (a), na mkono unanakili 0x4A7A bila kufikiri. Ruhusa ya ukurasa 11 ni R. Kuandika hapo kunakataliwa hata kama V ni 1, nalo jibu ni hitilafu ya ulinzi. Tofauti na (b), hapa hakuna ukurasa wa kuletwa kutoka diski. Kwenye Linux programu ya kawaida inayofanya hivi huuawa na ujumbe `Segmentation fault`.

Kwa hiyo mpangilio wa kufuata ukishapata mstari ni huu: V kwanza, ruhusa pili, fremu mwisho. Anayeanza na fremu ameshamaliza hesabu kabla ya kufika kwenye safu iliyobeba alama.

## Dalili: jedwali la ngazi mbili linakupeleka kusikojulikana

Maswali ya alama nyingi hutumia mpangilio wa x86 wa biti 32. Biti 10 za juu zinachagua mstari kwenye saraka ya kurasa, 10 zinazofuata zinachagua mstari kwenye jedwali, na 12 za chini ni ofseti. Tuchukue 0x08049F2C, na rejista `CR3` inayosema saraka inaanzia 0x00101000:

```
0000100000 | 0001001001 | 111100101100
saraka 0x20 | jedwali 0x49 | ofseti 0xF2C

mstari wa saraka:   0x00101000 + 0x20 x 4 = 0x00101080
  una 0x00345027 -> jedwali linaanzia 0x00345000
mstari wa jedwali:  0x00345000 + 0x49 x 4 = 0x00345124
  una 0x01A7C067 -> fremu inaanzia 0x01A7C000
anwani halisi:      0x01A7CF2C
```

Ukijikuta unasoma 0x00101020 badala ya 0x00101080, umesahau kuzidisha kwa 4. Kila mstari una baiti 4, kwa hiyo mstari wa 0x20 uko mbali baiti 0x80 kutoka mwanzo. Kaguzi rahisi ni kwamba anwani ya mstari wowote hapa lazima igawanyike kwa 4. Haitakuokoa katika kosa hili mahususi, maana 0x20 nayo inagawanyika, lakini kwa 0x49 ingepiga kelele mara moja.

Ukipata 0x01A7CF93 umejumlisha F2C na 067. Hizo tarakimu tatu za mwisho za mstari si sehemu ya anwani, ni bendera. 067 inasema ukurasa upo, unaandikika, programu ya mtumiaji inaruhusiwa kuufikia, umeshaguswa na umeshaandikwa. Zifute ziwe 000 kabla ya kujumlisha. Ila usizifute kabla ya kuzisoma: biti ya mwisho kabisa ndiyo biti ya uhalali, na mstari unaoishia na tarakimu shufwa, mathalani 066, ni hitilafu ya ukurasa. Ikitokea hivyo kwenye saraka, kazi imeishia hapo na ngazi ya pili haifunguliwi.

## Dalili: umejaribu kwenye Linux na fremu zote ni sifuri

Wapo wanaotaka kuona jambo hili kwenye mashine yao. Linux inatoa faili `/proc/PID/pagemap`, lenye baiti 8 kwa kila ukurasa pepe wa programu. Weka namba ya programu kwenye `PID` na anwani kwenye `VA`:

```
getconf PAGESIZE
sudo dd if=/proc/$PID/pagemap bs=8 skip=$((VA/4096)) count=1 2>/dev/null | od -An -tx8
```

Biti ya juu kabisa, namba 63, ikiwa 1 ukurasa upo kwenye kumbukumbu. Biti 0 hadi 54 ndizo namba ya fremu.

Fremu ikitoka sifuri wakati biti ya 63 ni 1, kwa kawaida umesoma bila mamlaka ya `root`. Tangu Linux 4.2 namba hizo hufichwa kwa watumiaji wa kawaida kwa sababu za usalama. Kama neno lote ni sifuri, anwani uliyotoa haijapewa ukurasa, au programu bado haijaugusa. Ilinganishe na `/proc/PID/maps`. Na kama `getconf` haikutoa 4096, badilisha kigawanyo kwenye amri.

Kusoma `pagemap` hakudhuru kitu. Kinachodhuru ni hatua ambayo wachache hushawishika kuifuata: kuichukua anwani halisi waliyoipata na kuiandikia kupitia `/dev/mem`. Fremu hiyo inaweza kuwa imeshahamishiwa programu nyingine au kiini chenyewe cha mfumo kati ya amri mbili, na kosa la tarakimu moja linatosha kuigandisha mashine na kuharibu mafaili ambayo hayajahifadhiwa. Kama zoezi lako kweli linahitaji kuandika kwenye kumbukumbu halisi, lifanye ndani ya mashine pepe, na kwenye kompyuta za maabara usiliguse mpaka fundi wa maabara awe amekaa pembeni yako.